Mlio wa Nane

Pale Boko watu walimtania Mwalimu Ansbert kwamba ukimwambia "nimekula" hakuachi mpaka umwonyeshe sahani. Alikuwa Mhaya mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi hata siku za joto kali, na alikuja pwani kufundisha katika shule ya misheni kando ya barabara ya Bagamoyo. Huku alikuta watu waliozaliwa ndani ya Kiswahili, ilhali yeye chake alikipata darasani, kwa jasho na kwa kiboko. Labda ndiyo sababu alikishika kwa mikono miwili. Wenyeji walisema kama ilivyowajia mdomoni, lakini yeye kila kitenzi alikipima kabla hakijatoka.

Na alikuwa na mtindo wake wa kusahihisha. Kalamu yake haikugusa karatasi kabla hajauliza. Mtoto akiandika "Baba amerudi," Mwalimu anauliza, "Kwa hiyo sasa yuko nyumbani?" Akiandika "Baba hurudi jioni," anauliza, "Ndiyo kawaida yake, au umemwona jana tu?" Akiandika "Baba ameshakula," anataka kujua kama vyombo vimekwisha kuondolewa. Neno aliloliogopa ni "hajarudi". Hapo alishusha sauti na kuuliza, "Bado mnamngoja?" Aliyesema hakurudi, aliwaambia, amekata tamaa na amefunga mlango, lakini aliyesema hajarudi bado amekaa anasikiliza hatua za nje. Watoto walimwona msumbufu tu, wakatamani kengele ilie.

Mchana alikuwa na mwanafunzi mwingine, mtu mzima. Kule juu, kwenye kilima cha Wazo, palikuwa na machimbo ya mawe, na mawe yale yalipasuliwa kokoto na kupelekwa kwa malori Kinondoni na Magomeni, ambako serikali ilikuwa ikijenga nyumba. Msimamizi wa machimbo alikuwa Mwingereza, Bwana Whitlock, ambaye kwa wafanyakazi alikuwa Bwana Witiloki na hakuna aliyejisumbua zaidi ya hapo. Alikuwa mtu mnene, mwekundu wa shingo, si mkali sana. Wakubwa wake walimwambia hapandi cheo mpaka ashinde mtihani wa Kiswahili, basi alimwita Mwalimu afike ofisini mara mbili kwa juma. Ofisi yenyewe ilikuwa banda la mabati lenye meza moja, viti viwili, na picha ya Malkia mpya ambaye vumbi la mawe lilikwisha kumzeesha.

Mwalimu hakupenda kupanda kilima kile. Si kwa sababu ya Bwana. Ni kwa sababu ya Demetria.

Demetria alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Alimkimbia mume Bukoba, akaja pwani na kikapu kimoja, na badala ya kukaa nyumbani kwa kaka yake akishona vitambaa kama dada wa mwalimu anavyotakiwa, alikwenda machimboni kubeba mawe kwa karai. Mwalimu aliona aibu hata mbele ya wanafunzi wake. Tena alifanya jambo la kijinga. Alimwendea dada yake kazini akamwambia, "Mama ameugua, simu ya maandishi imeletwa." Demetria akatupa karai, akalia njia nzima, akafika nyumbani akakuta hakuna simu wala ugonjwa, ila kaka mtu aliyekaa anamngojea amhubirie. Mara ya pili akamwambia, "Padri amekuita." Padri alikuwa safarini Bagamoyo. Tangu hapo Demetria alihamia chumbani kwa Eufrazia, mwenzake wa kazi, na akipishana na kaka yake barabarani alitazama ng'ambo.

Siku hiyo Mwalimu alikuwa njiani anapanda aliposikia baruti za mchana. Machimboni walikuwa wakilipua wakati wa chakula, watu wote wakiwa mbali wamekaa kwenye vivuli na vibakuli vyao. Milio ilifuatana, ardhi ikatikisika chini ya viatu, kunguru wakaruka. Mwalimu alikuwa anafikiria mtihani wa Bwana, maana ulikuwa umekaribia. Milio aliisikia, lakini kuihesabu hakuihesabu. Baadaye jambo hilo lilimkaa rohoni kwa muda mrefu.

Alipofika, vumbi lilikuwa limetua na watu wamerudi kazini. Aliwaona kwa chini, kwenye ukuta mweupe wa jiwe uliobomoka, wanaume wakichokonoa miamba iliyolegea kwa mitarimbo, wanawake wakiinua vipande na kuvipanga kwenye makarai. Kanga ya Demetria ya manjano ilikuwa pale katikati. Akageuza macho, akaingia ofisini.

"Mwalimu, mimi tayari," Bwana alisema, naye alikuwa amefurahi. "Naandika habari fupi. Mambo ya kila siku na mambo ya leo. Wewe angalia."

Sheria yao ilikuwa Kiswahili kitupu mpaka somo liishe. Mwalimu akakaa, akavuta karatasi, akatoa penseli mfukoni. Akasoma kwa sauti, polepole.

"'Kila siku sisi tuhutoboa mashimo.' Hapa, Bwana, hu- haitaki mwenzake. Haina mimi wala sisi ndani yake. Sisi hutoboa, wao hutoboa, fundi wenu Albano hutoboa, yote ni moja."

"Hutoboa," Bwana alisema, akafuta.

"'Albano hutia baruti. Mimi hupiga filimbi. Watu hukimbia.' Vizuri sana. Hayo ndiyo mazoea ya hapa?"

"Kila siku."

"'Leo tumetoboa mashimo manane.' Tumetoboa, ndiyo, kazi imekwisha na mashimo yalikuwapo. 'Albano ameshawasha tambi za baruti.' Sawa, hilo lilikwisha kitambo." Akashuka mstari mmoja. "'Mashimo yote hulipuka.'"

Hapo akasimamisha penseli, kama ilivyokuwa desturi yake, wala hakuwa na wazo lolote baya. Mwanafunzi amechanganya ya leo na ya siku zote, ndilo kosa la kila mgeni. Dawa yake ni swali moja.

"Bwana, hapa unasema habari za leo. Basi ni 'yamelipuka', au ukitaka kusema kwamba jambo limekwisha kabisa, 'yameshalipuka'. Lakini kwanza niambie. Unaeleza ulichoshuhudia leo, au unaeleza jinsi mashimo yalivyo kwa kawaida?"

Bwana akacheka kidogo. "Leo, leo. Mimi nahesabu. Saba."

"Mashimo manane, Bwana."

"Ndiyo. Mawili pamoja. Mlio mmoja."

"Uliona mawili yamelipuka pamoja?"

"Hapana kuona. Mimi nyuma ya lori." Bwana alifikiri, akatafuta neno, akalipata, na uso ukamng'aa kwa kuwa alilitumia sawasawa. "Hulipuka pamoja. Mara nyingi, mawili hulipuka pamoja."

Nje, chuma kiligonga jiwe. Mwalimu alikuwa amekisikia chuma kile tangu aketi, lakini sasa alianza kuyahesabu mapigo yake.

Alitazama karatasi. Mstari uliofuata ulisema, "Albano hukagua mahali." Hakutaka kuuliza. Aliuliza.

"Na leo Albano amekagua?"

"Albano hukagua."

"Leo, Bwana. Amekwisha kukagua?"

Bwana akasema kwa sauti iliyopungua kwamba Albano hayupo, alipanda lori la kwanza kwenda Kinondoni kuchukua tambi ghalani, mara tu baada ya milio. Lori lilikuwa na haraka.

"Basi hajakagua," Mwalimu alisema.

Akaona damu ikishuka usoni mwa Bwana, kuanzia paji mpaka kwenye ile shingo nyekundu. Kwa hiyo ameelewa. Hilo ndilo lililomtia Mwalimu hofu kuliko yote, kwamba mzungu msimamizi wa machimbo ameelewa na bado amekaa. Bwana alitazama dirishani, kwenye malori matatu yaliyokuwa yanangoja kupakiwa, madereva wamelala kwenye kivuli cha magurudumu. Mkono wake ulikwenda kwenye filimbi iliyoning'inia kifuani, ukaishika, ukaiacha.

"Andika 'yameshalipuka'," alisema.

"Bwana, siwezi kuliandika hilo. Hakuna aliyeona."

"Wewe unafundisha maneno," Bwana alisema kwa Kiingereza, na sheria yao ikavunjika hapo. "Mawe niachie mimi."

Mwalimu alisimama. Alikuwa anajua vizuri kwamba mzungu huyu akipeleka neno misheni, kazi ya ualimu inaweza kuota mbawa, na alijiona tayari na sanduku lake kwenye kituo cha treni. Aliweka penseli mezani, akasema, "Kwaheri, Bwana," akatoka kwenye jua.

Alitaka kukimbia akajizuia. Mtu akikimbia kuelekea machimboni watu hushtuka, na aliyeshtuka huangusha alichoshika. Basi akateremka kwa mwendo wa kawaida, mikono imetulia. Chuma kiligonga jiwe. Akangoja. Kikagonga tena. Kila kilipogonga, na kukawa hakuna kilichofuata, aliweza kupiga hatua nyingine.

Mnyapara, Mzee Fakihi, Mzaramo wa palepale Bunju, alikuwa amekaa juu ya debe akivuta sigara.

"Shikamoo, Mzee Fakihi."

"Marahaba, Mwalimu. Huku hakuingiwi na viatu vya kanisani, utavikata."

"Mzee, mashimo ya leo yamelipuka yote?"

"Baruti huwa zinalipuka, mwanangu. Ndiyo kazi yake."

"Za leo, mzee. Ulihesabu?"

"Kuhesabu ni kwa Bwana, mie kazi yangu watu. Kwani we umetumwa na nani?"

Mwalimu aliinua macho. Juu kidogo ya vichwa vyao, Polikarpo, kijana mwenye kifua cha kupigia ngoma, alikuwa amechomeka mtarimbo wake kwenye ufa na kuuegemea. Mwalimu akamwuliza vivyo hivyo.

"Aa, Mwalimu, mawili yanalipukaga pamoja hayo," Polikarpo alisema. "Sie tumeyazoea."

"Leo uliyasikia?"

"Leo mie nilikuwa nakula."

Siku nyingine angemkosoa kwa ile "yanalipukaga". Leo alisimama akamtazama tu. Wote walikuwa na kawaida mikononi, wala hapakuwa na hata mmoja mwenye jambo lililokwisha. Bwana anamwegemea Albano, mnyapara anamwegemea Bwana, Polikarpo anaegemea mtarimbo, na chini ya yote hayo pana shimo ambalo hakuna aliyelitazama.

Demetria alikuwa hatua chache kutoka kwenye ule mtarimbo. Alikuwa amemwona kaka yake tangu anateremka. Ameinama na karai lake, mikono myeupe kwa vumbi kama aliyekanda unga, na hakuinua kichwa.

Hapo wazo likamjia Mwalimu, rahisi kabisa. Aseme, "Bwana amesema mtoke." Maneno matatu, na wote watatoka. Aliyaweka ulimini. Kisha Demetria akainuka, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya miezi, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Nyie msimsikilize huyu. Kaka hunidanganya."

Wanawake wakacheka. Mwalimu alilisikia lile neno jinsi lilivyokaa mahali pake. Alimdanganya mara mbili tu, lakini si yeye wa kupima mara ngapi hugeuka mazoea. Alijua pia kwamba akisema sasa Bwana amesema, dada yake atasema ni mwongo, na wenzake watacheka, na chuma kitaendelea kugonga.

"Safari hii nani ameugua?" Demetria aliuliza.

"Hakuna."

"Nani ameniita?"

"Hakuna aliyekuita. Bwana hajasema mtoke. Amenikatalia." "Demetria, sijui kitu. Yalikuwa mashimo manane, imesikika milio saba. Labda mawili yamelipuka pamoja, labda kuna moja halijalipuka. Bwana hajaona. Albano hajakagua, yuko Kinondoni. Mimi sijaona. Nimemwuliza kila mtu, hakuna aliyeona. Ndiyo yote niliyonayo."

Hakuwahi kujisikia mtupu namna ile mbele ya mtu. Machozi yalikuwa karibu, akaona aibu, akayaacha yalivyo.

Demetria alimtazama. Kaka yake hakuwahi katika maisha yake kumwambia sijui. Tangu utoto alikuwa na jibu la kila kitu, na majibu mengine ya kubuni. Macho ya Demetria yakashuka taratibu, yakatazama jiwe alilolikanyaga, kisha ufa, kisha mtarimbo wa Polikarpo ulioingia ndani ya ufa ule. Akachuchumaa, akaliweka karai chini pole pole, halikutoa hata mlio. Akafunga kanga yake upya.

"Eufrazia," alisema, "twende."

"Wapi, jamani?"

"Huko juu. Twende tu, usikanyage kwa nguvu."

Eufrazia akamfuata, na mwingine akamfuata Eufrazia, na punde wanawake wote walikuwa wanapita kando ya Mwalimu kimya, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja anaangalia pa kuweka mguu. Wanaume wakaanza kuwatania, lakini utani ule ulikuwa hauna nguvu. Mzee Fakihi alikuwa amesimama sasa, sigara imemzimikia kidoleni.

"Nani kasema milio ni saba?" aliuliza.

"Bwana mwenyewe."

Mzee akafunga macho, midomo ikawa inacheza. Alikuwa anaikumbuka milio, mmoja mmoja, jinsi mtu anavyotafuta kitu alichokiweka bila kukitazama. Alipoyafumbua macho alikuwa amezeeka.

"Tokeni," aliwaambia wanaume. Hakupaza sauti. "Acheni kila kitu. Polikarpo, usiuchomoe mtarimbo. Nimesema uache. Uachie mkono, teremka."

Polikarpo alikuwa bado ameushika. Kidole kimoja kimoja, akauachia. Alipofika chini wenzake wawili wakamshika mikono, wakaondoka naye.

Walikuwa hawajafika mbali filimbi iliposikika kutoka bandani, mipigo mirefu, ile ya hatari. Bwana Witiloki alikuwa amesimama mlangoni, anapuliza na kupuliza, wala hakuacha hata walipokuwa wote wamekwisha kutoka.

Basi wakangoja. Kungoja kule ndiko kulikokuwa kubaya. Kazini mtu ana cha kushika, lakini pale walikaa chini ya mikorosho wakatazama ukuta mweupe uliokuwa umetulia kwenye jua, mtarimbo umesimama wenyewe, karai la Demetria kando yake. Mjusi alipita juu ya jiwe na wanawake wawili wakashikana. Wengine walianza kusema kwamba labda ni bure, labda kweli yalilipuka pamoja, na Mwalimu akaomba iwe hivyo, hata kama kesho watamcheka kutoka Bunju hadi Tegeta. Alikuwa radhi kuchekwa. Demetria alikaa peke yake amekumbatia magoti, na kaka yake hakuthubutu kwenda kukaa karibu naye.

Lori la Kinondoni lilirudi jua likiwa limeinama. Albano, fundi baruti, Mmakonde wa Newala mwenye chale usoni na maneno machache, aliruka chini akakuta watu wote wamekaa na kazi imesimama. Mzee Fakihi akamweleza. Albano akamtazama Bwana.

"Mie nilijua nisipokuwepo Bwana hukagua," alisema.

"Mimi, mimi..." Bwana alisema, na Kiswahili kikamwishia.

Albano akavua viatu. Akaenda peke yake, miguu mitupu, mpaka kwenye ukuta, na watu walimwona akiinama, akiondoa kifusi kwa vidole, akipuliza vumbi. Akapanda kwenye ufa. Akalala kifudifudi, sikio na shavu juu ya jiwe, akachungulia ndani kwa muda ambao Mwalimu aliona hauna mwisho. Kisha akarudi, kwa mwendo uleule.

"Lipo moja," alisema. "Halijalipuka. Jiwe la shimo la jirani limekata utambi wake. Baruti na fataki ya kuilipulia zimo vilevile zilivyo." Akaonyesha kiganja chake, akakunja vidole viwili, vikabaki vitatu. "Mtarimbo umebakiza hivi kuigusa."

Polikarpo alikwenda nyuma ya mkorosho akatapika.

Hakukuwa na njia ya kuitoa baruti ile kwa mkono. Albano alitega nyingine kandokando yake, akavuta utambi mrefu kuliko wa siku zote. Bwana akapiga filimbi, na safari hii alikwenda mwenyewe kila upande kuhakikisha hakuna mtu, akarudi ametota jasho. Kisha wakaziba masikio. Ardhi ikaruka. Ulikuwa mlio mmoja tu, mkubwa, mawili pamoja, na mawe yakanyesha hata kwenye njia ya malori.

Vumbi lilipoondoka, lile jiwe alilokuwa amelikanyaga Demetria halikuwapo. Albano alikagua kila mahali, ndipo akapunga mkono. Karai waliliokota mbali, chini ya mkorosho wa mwisho, limekunjika kama kitambaa cha kufutia mikono. Demetria alilipokea akalishika kwa muda. Akajaribu kulikunjua, likakataa.

Bwana Witiloki alimfuata Mwalimu njiani wakati watu wanatawanyika. Alikuwa na ile karatasi.

"Mwalimu. Sasa sawa?"

Alikuwa ameufuta mstari wake. Sasa ulisema, "Mashimo yote yameshalipuka. Albano amekagua. Watu hawajaumia."

Mwalimu alisoma. Alikuwa na la kusema kuhusu hilo neno la mwisho, kwamba limeacha mlango wazi. Alitafakari kama alifute aandike "hawakuumia". Akatazama nyuma kwenye kilima, ambako kesho asubuhi watatoboa tena.

"Ni sawa, Bwana," alisema. "Liache lilivyo."

Mwalimu alikuwa anatumaini, lazima niliseme hili, kwamba baada ya siku ile dada yake hatarudi machimboni. Usiku ule hakumbembeleza wala kumtungia simu. Alimwuliza tu mara moja, mlangoni kwa Eufrazia, kwa adabu. Demetria akamjibu kwamba mguu wake mwenyewe ndio uliompeleka na mkono wake mwenyewe ndio unaomlisha, na kwamba pwani yote hii haoni kazi nyingine inayomwachia jioni yake. Asubuhi alipita barabarani mbele ya shule, na karai la kuazima kichwani, pamoja na Eufrazia. Ila alipomwona kaka yake mlangoni alisimama.

"Shikamoo, kaka," alisema. "Nakwenda."

Bwana alishinda mtihani wake, akapanda cheo, akahamishwa. Alikuja mwingine. Albano sasa haondoki kabla ya kukagua, na Mzee Fakihi, ambaye kuhesabu hakukuwa kazi yake, kila mchana hukaa na kokoto mkononi na kudondosha moja kwa kila mlio. Hayo yote Mwalimu anayajua. Hayamsaidii.

Mpaka leo watoto wa shule ile wana jambo wanalolifanya bila kuambiwa. Ikikaribia saa ya baruti, kalamu huwekwa chini. Mwalimu husimama dirishani, mgongo kwao, chaki mkononi. Demetria humwambia kila asubuhi mashimo ya siku hiyo yatakuwa mangapi, na yeye huiandika namba ile pembeni mwa ubao. Milio ikianza huhesabu kimya, midomo tu ikicheza, na watoto huhesabu naye. Ikitimia, hugeuka na kuendelea na somo. Lakini ziko siku ambazo mawili hulipuka pamoja, kweli kabisa, na namba haitimii. Siku hizo hafundishi. Huwapa watoto kazi ya kunakili, naye hubaki pale pale dirishani akiitazama barabara ya Bagamoyo, alasiri nzima, mpaka karai litokee kwenye kona, na chini ya karai kanga ya manjano, na sauti iliyochoka imwambie kwa mbali, kabla hajauliza:

"Nimerudi, kaka."